Maumivu ya katikati ya mwezi: tuulize tarehe kwanza



Msichana akishikwa na maumivu upande mmoja chini ya kitovu, hukumu mbili hutolewa upesi nyumbani. Wengine husema, «Ni mambo ya wanawake, yatapita.» Wengine husema, «Ni apendisiti, apasuliwe.» Kwa maoni yangu, wote hukosea kwa sababu moja: hakuna aliyeuliza tarehe ya hedhi yake.

Katika kila mzunguko, yai hukomaa ndani ya kifuko kidogo katika ovari moja. Kifuko hicho huvimba, kisha hupasuka ili yai litoke. Maji au damu kidogo inayotoka pamoja nalo huweza kuusumbua utando wa ndani ya tumbo. Ndiyo maana maumivu huwa upande wa ovari iliyotoa yai, na mwezi mwingine huweza kuhamia upande wa pili. Kwa kawaida hudumu dakika chache au saa kadhaa, pengine siku moja au mbili.

Tuchukue mfano. Msichana mwenye mzunguko wa siku 30 alianza hedhi tarehe 3 Mei; basi nyingine yangojewa tarehe 2 Juni. Yai hutoka yapata siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Tukihesabu kurudi nyuma, twafika tarehe 19 Mei. Ikiwa aliumwa kushoto jioni ya tarehe 18, akapata nafuu kesho yake, na hedhi ikaja kwa wakati wake, maumivu hayo yamejieleza yenyewe. Lakini yule ambaye hedhi yake hubadilika-badilika asitegemee hesabu hii.

Hata hivyo, tarehe inayolingana si kinga. Apendisiti huweza kuanza siku yoyote: mara nyingi huanzia karibu na kitovu, hushuka kulia, huzidi kadiri saa zinavyopita, huondoa hamu ya chakula, huleta kutapika na homa. Ovari iliyojisokota huuma ghafula na kwa ukali, mara nyingi pamoja na kutapika. Na ikiwa hedhi imechelewa, kisha yakaja maumivu ya upande mmoja, damu kidogo au kizunguzungu, huenda mimba imetunga nje ya tumbo la uzazi. Hiyo huweza kuua kwa kuvuja damu ndani. Katika hali hizo zote msichana apelekwe hospitali mara moja, hata usiku.

Hapo ndipo aibu inapokuwa hatari. Msichana anayeogopa kusema kwamba hedhi imechelewa humnyima mganga habari anayoihitaji kwanza. Kwa hiyo naona kila binti aandike tarehe zake katika daftari, na sisi wazazi na walimu tujifunze kumwuliza faraghani, bila kumhukumu.