Riba ya Kumi na Mbili Ipitayo Riba ya Kumi na Nane

Nyakati hizi makaratasi ya kutangaza mikopo hufika maofisini mwetu karibu kila mwisho wa mwezi. Mkopeshaji ajua ya kuwa mtumishi mwenye mshahara wa kudumu ni mdeni asiyeweza kutoroka, kwa maana deni lake hukatwa kabla yeye hajauona mshahara wenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo yatupasa sisi tuliohesabu fedha za wengine kutwa nzima tujue pia kuzihesabu zetu. Leo twataka kusema juu ya neno moja tu, nalo ni hili: hesabu ya riba iandikwayo kwa mia haina maana mpaka ijulikane ni kwa mia ya fedha gani.

Tuseme karani mmoja ataka Sh. 1,200,000/- za kumalizia nyumba yake, naye atalipa kwa miezi 12. Amepewa makaratasi mawili. Karatasi ya kwanza yasema riba ni 12 kwa mia kwa mwaka. Karatasi ya pili yasema riba ni 18 kwa mia kwa mwaka. Wenzake watamwambia achague ya kwanza bila kusita, kwa kuwa mtoto wa shule ajua ya kuwa 12 ni ndogo kuliko 18. Walakini katika karatasi ya kwanza mna maneno madogo yasemayo kwamba riba ni ya flati, na katika ya pili mna maneno yasemayo kwamba riba hutozwa juu ya baki la deni linalopungua. Maneno hayo madogo ndiyo yaamuayo shauri lote.

Natutazame kwanza riba ya flati. Mkopeshaji huchukua fedha zote alizokopesha siku ya kwanza, akazipiga kwa 12 kwa mia, akapata Sh. 144,000/-. Riba hiyo huongezwa juu ya deni, jumla ikawa Sh. 1,344,000/-, kisha hugawanywa kwa miezi 12. Karani atakatwa Sh. 112,000/- kila mwezi. Katika hizo, Sh. 100,000/- ni asili ya deni, na Sh. 12,000/- ni riba.

Hesabu ni nyepesi, na wepesi wake ndio uwapendezao watu. Lakini fikirini habari ya mwezi wa mwisho. Karani amekwisha kurudisha Sh. 1,100,000/- katika asili ya deni, na mkononi mwake zimebaki Sh. 100,000/- tu za mkopeshaji. Hata hivyo bado atozwa riba ya Sh. 12,000/-, sawasawa na ile aliyotozwa mwezi wa kwanza alipokuwa na fedha zote. Yaani kwa mwezi ule mmoja amelipa 12 kwa mia juu ya fedha alizokuwa nazo. Alipa kodi ya nyumba ya vyumba 12, naye amekwisha kukabidhi vyumba 11.

Riba ya pili haiendi hivyo. Kumi na nane kwa mia kwa mwaka ni moja na nusu kwa mia kwa mwezi, na kila mwezi hutozwa juu ya baki lililopo tu. Malipo yamepangwa yawe sawa kila mwezi, nayo ni Sh. 110,016/-. Mwezi wa kwanza baki ni Sh. 1,200,000/-, riba yake ni Sh. 18,000/-, na Sh. 92,016/- zilizosalia katika malipo hupunguza deni. Baki huwa Sh. 1,107,984/-. Mwezi wa pili riba ya baki hilo ni Sh. 16,620/-, deni hupungua kwa Sh. 93,396/-, baki huwa Sh. 1,014,588/-. Mwezi wa tatu riba ni Sh. 15,219/-. Ndivyo iendeleavyo, riba ikishuka na sehemu ya deni ikipanda, hata mwezi wa 12 riba yawa kama Sh. 1,626/- tu na deni limekwisha.

Sasa tulinganishe. Kwa karatasi ya kwanza karani atalipa jumla Sh. 1,344,000/-, ambamo riba ni Sh. 144,000/-. Kwa karatasi ya pili atalipa jumla Sh. 1,320,192/-, ambamo riba ni Sh. 120,192/-. Ile iliyoitwa 18 ni rahisi kuliko ile iliyoitwa 12, kwa Sh. 23,808/-. Hapana mwujiza hapa, wala hapana uongo katika karatasi yo yote. Kila mmoja amesema kweli, ila wamepima kwa pishi mbili zisizo sawa.

Atakaye kuzigeuza pishi hizo ziwe moja ana njia fupi ya kalamu. Katika riba ya flati asili ya deni hupungua kwa Sh. 100,000/- kila mwezi, basi fedha azishikazo mkopaji ni Sh. 1,200,000/- mwezi wa kwanza, Sh. 1,100,000/- wa pili, na kadhalika hata Sh. 100,000/- mwezi wa mwisho. Kwa wastani wa mwaka mzima ameshika Sh. 650,000/- tu, yaani zaidi kidogo ya nusu. Riba ya Sh. 144,000/- juu ya Sh. 650,000/- ni kama 22 kwa mia. Ili kupata jibu hilo kwa haraka, chukua riba ya flati ya mwaka, izidishe kwa idadi ya miezi mara mbili, kisha ugawanye kwa idadi ya miezi pamoja na mmoja. Hapa ni 12 mara 24, gawanya kwa 13, jibu ni 22 na kitu.

Njia hii hupita kweli kidogo. Riba ikihesabiwa barabara juu ya baki, kama ilivyo katika karatasi ya pili, miezi ya mwanzo hubeba riba nyingi na deni hupungua polepole zaidi. Kwa hiyo wastani wa fedha alizoshika mkopaji huwa mkubwa kuliko Sh. 650,000/-. Hesabu kamili yaonyesha ya kuwa 12 ya flati kwa miezi 12 ni sawa na kama 21 na nusu kwa mia juu ya baki linalopungua. Miezi ikiwa mingi kosa la njia fupi huongezeka: kwa miezi 36 njia hiyo itasema zaidi ya 23, na kweli ni kama 21 na robo. Basi tuitumie kwa kutambua, tusiitumie kwa kubishana juu ya senti.

Katika hayo mwanachama asijifunze kwamba riba ya flati ni mbaya siku zote, na ile ya baki ni njema siku zote. Kama karatasi ya pili ingalisema 24 kwa mia juu ya baki, malipo ya mwezi yangalikuwa Sh. 113,472/-, na ile ya flati ingalishinda kwa urahisi. Kadhalika yapasa kutazama yale yakatwayo siku ya kwanza: ada ya kuandika mkopo, bima, na gharama za karatasi. Tuseme mwenye karatasi ya pili akata Sh. 40,000/- kabla ya kutoa fedha, na wa kwanza hakati kitu. Karani atapokea Sh. 1,160,000/- tu, na gharama yake yote itakuwa Sh. 160,192/-, nayo yapita Sh. 144,000/- za karatasi ya kwanza. Faida ya riba imemezwa na ada.

Tena, mkopo wa miezi 12 usilinganishwe na wa miezi 24 kwa kutazama makato ya mwezi peke yake. Karatasi ile ya pili ikinyoshwa hata miezi 24, makato yatashuka kuwa Sh. 59,909/-, na wengi watafurahi. Lakini riba yote itakuwa Sh. 237,816/-, karibu mara mbili ya kwanza. Kwanza tufanye fedha na miezi viwe sawa, ndipo tulinganishe.

Lipo jambo lingine lionekanalo siku ya kutaka kumaliza deni mapema. Karani akipata fedha baada ya miezi 6, kwa karatasi ya pili baki lake ni Sh. 626,782/-. Akilipa hizo, ameepuka riba ya Sh. 33,314/- ambayo ingalitozwa katika miezi 6 iliyosalia, ikiwa mkataba hauna faini ya kulipa mapema. Kwa karatasi ya kwanza aweza kuambiwa alete Sh. 672,000/-, yaani malipo yote 6 na riba yake, kwa kuwa riba iliongezwa juu ya deni tangu siku ya kwanza. Wapo wakopeshaji wapunguzao, lakini upunguzo usioandikwa katika mkataba ni hisani, na hisani haidaiwi.

Nchi nyingine zimeona ya kuwa wananchi hawawezi kulinganisha pishi mbili. Marekani ilitunga sheria mwaka 1968 iliyowalazimu wakopeshaji kutangaza riba zao kwa kipimo kimoja cha mwaka, pamoja na ada zinazohusika. Katika Kenya mabenki yalianza mwaka 2014 kutumia kipimo cha namna hiyo. Kipimo cha namna hiyo kikionekana katika karatasi, kitazameni hicho kabla ya ile riba iliyochapwa kwa herufi kubwa.

Pasipo kipimo hicho, mwanachama aombe mambo matatu kwa maandishi kabla hajatia sahihi. La kwanza, ni shilingi ngapi atakazopokea mkononi. La pili, ni shilingi ngapi atakazolipa kila mwezi, na kwa miezi mingapi. La tatu, ni shilingi ngapi atakazodaiwa akitaka kumaliza katikati ya safari. Kwa majibu mawili ya kwanza aweza kujua gharama yote kwa kuzidisha na kutoa, hata kama neno riba halikutajwa kabisa. Mkopeshaji akikataa kuandika majibu hayo, kukataa kwake ndiko jibu, na karatasi yake irudishwe bila sahihi.