Rangi Tatu Zatosha kwa Sikukuu ya Idi

Wiki hii tunaeleza kosa lililotukuta nyumbani kwetu katika Idi mojawapo iliyopita, kwani huenda na wewe waelekea njia hiyo hiyo.

Siku za mwisho za Ramadhani tulikwenda Kariakoo tukiwa na haraka. Tulinunua kitenge chenye maua makubwa mekundu, buluu na manjano, tukawashonea mama na watoto wote watatu. Sebuleni tulitundika maputo ya kila rangi na karatasi za kumetameta kuta zote nne. Fedha ilikwenda nyingi, na nyakati zilizostahili ibada zilipotea madukani. Shangazi alipoonyeshwa picha ya familia alitazama kitambo, akasema: “Wanangu, maua nimeyaona, binti yenu yuko wapi?” Mtoto alikuwa amekaa palepale katikati, ila vazi lake lilikuwa limezama ndani ya vazi la mama yake.

Tulipotafakari, tulitambua kuwa rangi zenyewe hazikuwa mbaya. Tatizo lilikuwa kwamba zote zilipewa nafasi sawa, na jicho halikupata pa kutua. Tena tulikuwa tumesahau kwamba nyumba ilikuwa na rangi zake tayari: makochi ya kahawia, mapazia ya kijani na kuta za rangi ya maziwa.

Mwaka uliofuata tulianza na vile tusivyoweza kubadili. Kijani kilikuwapo mapaziani, basi tukakifanya rangi ya pili. Nyeupe tuliipa nafasi kubwa kuliko zote, nayo ndiyo inayopendezeshwa zaidi kwa kanzu za wanaume. Ya tatu ikawa manjano ya embe bivu, iliyotumika kama bizari mchuzini. Kwa makadirio, katika sehemu kumi nyeupe ilichukua sita, kijani tatu, na manjano moja tu. Kahawia ya makochi tuliiacha bila kuihesabu, kwani yenyewe ni tulivu na haishindani na nyenzake.

Safari hii tulinunua pande moja tu la kitenge, yadi 6, lenye vijani vidogo vya kijani juu ya nyeupe. Yadi 4 zilimtosha mama kwa gauni refu. Zilibaki yadi 2. Kitambaa hicho kina upana wa sentimita 115, hivyo nusu yadi na ushei ilitoa nyuso za mito miwili ya makochi, kila mmoja sentimita 45 kwa 45. Migongo yake tuliitia kitambaa cheupe cha akiba. Kilichosalia kikawa mikono na pindo la gauni jeupe la binti. Baba na wavulana wawili walivaa kanzu nyeupe zisizo na maua. Manjano ilionekana mahali patatu pekee: mtandio wa binti, nakshi za kofia za wavulana, na maua mezani. Hivyo familia ilifanana pasipo kuvaa sare, na kila uso ulionekana.

Sebuleni tulipamba ukuta mmoja tu, ule unaomkabili mgeni aingiapo, na meza iliyo chini yake. Kabla ya kutundika chochote tuliondoa kalenda za zamani na maua ya plastiki, kisha tukasimama mlangoni tukafinya macho. Ukifinya macho ukaona mahali pamoja panapokuita, pambo limetosha. Ukiona madoa yanayovutana huku na huko, ondoa kimoja, utazame tena.

Yapo mambo mawili ya kuhadhari. Kwanza, taa ya dukani hudanganya. Kata kipande kidogo cha upindo wa ndani wa pazia, uende nacho, ukakilinganishe na kitambaa nje penye mwanga wa mchana. Pili, kitenge kipya huweza kuchuja rangi. Sugua kona yake kwa kitambaa cheupe kilicholowa maji. Kikibaki na doa, kifue peke yake hadi maji yatoke safi, ndipo kipelekwe kwa fundi. Nguo isiyojaribiwa huweza kuharibu kanzu nyeupe katika dobi moja. Na kwa mtoto mdogo anayekula pilau kwa furaha, kanzu ya rangi ya maziwa huficha zaidi kuliko nyeupe tupu.

Kazi hiyo yote tuliimaliza katikati ya Shaaban, mafundi wakiwa bado wana nafasi. Kumi la mwisho lilipoingia, nguo zilikuwa zimekwisha kukunjwa kabatini, nasi tulikuwa msikitini. Asubuhi ya Idi shangazi alimwita binti kwa jina tangu mlangoni.

Wabillahi tawfiq.