Alama zilezile, daraja tofauti: somo la matokeo ya 2012

Mzazi anayefanya biashara Namanga au Sirari na kusomesha watoto pande zote mbili za mpaka huona haraka kwamba alama 60 za Kenya si alama 60 za Tanzania. Nchini Kenya, Baraza la Mitihani (KNEC) huweka mipaka ya madaraja ya kila somo baada ya usahihishaji. Tanzania, mipaka ya Kidato cha Nne hujulikana mapema: A huanzia 75, B 65, C 45 na D 30.

Uzito wa jambo hili ulionekana mwaka 2013. Matokeo ya Kidato cha Nne ya 2012 yalipotangazwa Februari, takriban asilimia 34 tu ya watahiniwa walikuwa wamefaulu. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, na Mei serikali ikafuta matokeo hayo na kuagiza yapangwe upya kwa utaratibu wa 2011. Ufaulu ukapanda hadi takriban asilimia 43. Majibu ya wanafunzi hayakubadilika. Kilichobadilika ni njia ya kugeuza alama kuwa madaraja.

Njia hiyo hufanyaje kazi? Chukua mfano wa kubuni. Mtihani wa hesabu umekuwa mgumu: wastani ni 32 na alama zimetawanyika kwa kipimo cha 10. Wasimamizi wanataka ulingane na miaka ya kawaida, yaani wastani 40 na mtawanyiko 12. Mwanafunzi aliyepata 36 amezidi wastani kwa alama 4. Nne hizo huzidishwa kwa 1.2, zikawa 4.8, kisha huongezwa kwenye 40. Anapata 44.8, inayokaribishwa kuwa 45. Alikuwa na D, sasa ana C.

Hatua hiyo moja inaweza kubadili cheti. Madaraja hugeuzwa kuwa pointi, C ikiwa 3 na D ikiwa 4, na masomo saba bora hujumlishwa. Mwenye pointi 26 yuko daraja la nne. Akipungukiwa moja, anaingia la tatu.

Lakini usanifishaji una mipaka yake. Haubadili mpangilio: aliyekuwa mbele ya mwenzake hubaki mbele. Mtihani ukiwa rahisi kupita kawaida, hesabu hiyohiyo hushusha alama. Pia, hauwezi kutofautisha kwa yakini mtihani mgumu na mwaka ambao wanafunzi walifundishwa vibaya. Wastani hushuka katika hali zote mbili.

Kwa mzazi anayehamisha mtoto kuvuka mpaka, cheti huonyesha daraja, si alama ghafi. Ndiyo maana anayetoka mfumo wa nje hupitia kwanza ulinganisho wa vyeti katika Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), badala ya kuhesabiwa herufi kwa herufi.