"Damu yako nyeupe iko chini": tunakataa karatasi isiyoelezwa

Ndugu na dada zetu wa hapa Rusizi, tuongee juu ya ile karatasi ya labo. Unapewa imekunjwa mara mbili, iko na herufi za Kiingereza, pembeni kuna L hapa na H pale, na neno moja tu: "damu yako nyeupe iko chini, nenda ununue dawa." Basi. Mtu anatoka pale anafikiri ana ukimwi ama saratani. Usiku halali. Kesho yake anamaliza franga zake kwenye duka la dawa. Sisi tunasema hiyo siyo matibabu, na tutaeleza juu ya nini.

L ni "chini" na H ni "juu". Juu ama chini ya nini? Ya ile safu inayoandikwa kando ya namba yako, kwa mfano 4.0–10.0. Hiyo safu haikuandikwa na Mungu. Wanachukua watu wengi wenye afya, wanawapima, wanawapanga kutoka wa chini mpaka wa juu, wanakata 2.5 kwa mia huku na 2.5 kwa mia kule. Wanaobaki katikati, 95 kwa mia, ndio "kawaida". Kwa hiyo hata kati ya wenye afya kamili, mmoja kwa 20 atapewa L ama H kwa kila kipimo. Karatasi ya damu iko na mistari kama 20. Mzima akipata alama moja, siyo wa kushangaza.

Halafu swali la pili, ambalo watu hawaulizagi: hao watu waliopimwa walikuwa wa wapi? Mashine nyingi zinakuja na safu zilizowekwa na mtengenezaji, na labo isipozibadilisha, wewe Mshi ama Mfuliiru unalinganishwa na watu wa Ulaya, Amerika ama Asia. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliopima zaidi ya watu 2,000 wenye afya katika Rwanda, Uganda, Kenya na Zambia. Kigali ilikuwemo. Walikuta kwamba neutrofili, zile chembe nyeupe zinazopigana na bakteria, kwa watu wetu zinashuka mpaka karibu 1.0 na mtu ni mzima. Safu za Amerika zilikuwa zinaanzia karibu 1.8.

Sababu inajulikana. Waafrika wengi wamezaliwa bila alama moja inayoitwa Duffy juu ya chembe zao nyekundu. Kukosa alama hiyo kulikinga mababu zetu na aina moja ya malaria, ile ya vivaksi. Mwenye damu ya namna hiyo anakuwa na neutrofili chache zinazozunguka kwenye mishipa, lakini bakteria wakiingia mwili unapigana nao kama kawaida. Kwake yeye 1.3 siyo ugonjwa. Ni urithi.

Sasa tuchukue karatasi moja. Ni ya mama mmoja anayelima vibarua katika mashamba ya mpunga kule Bugarama, mwenye uchovu na kizunguzungu. Iliandikwa hivi:

```
WBC    3.6   L   (4.0-10.0)
NEU#   1.3   L   (2.0-7.0)
EOS#   0.8   H   (0.02-0.50)
HGB   11.6       (11.0-16.0)
MCV     74   L   (80-100)
PLT    210       (100-300)
```

(Kama yako ilitoka Bukavu, utakuta GB mahali pa WBC, na VGM mahali pa MCV. Ni kitu kile kile. Na HGB 116 ni sawasawa na 11.6, wamebadilisha tu kipimo, usikimbie.)

Mama aliambiwa juu ya mistari miwili ya kwanza tu. Akaandikiwa antibiotiki, akashauriwa "vitamini za kuongeza damu nyeupe". Homa hakuwa nayo, kidonda hakuwa nacho. Antibiotiki ya nini? Haiongezi chembe nyeupe, na ziko zingine ambazo zinazipunguza.

Hatusemi neutrofili za chini ni za kudharau. Virusi fulani na dawa fulani pia zinazishusha, ndiyo maana kipimo kinarudiwa kiisha wiki kadhaa: zikibaki pale pale na mtu hana shida, ndivyo alivyozaliwa. Zikishuka chini ya 1.0 lazima zifuatiliwe. Zikifika chini ya 0.5, na mtu ana homa, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo. Na mtu asikudanganye eti ukimwi unaonekana kwenye WBC. Ukimwi una kipimo chake.

Shida ya huyu mama ilikuwa kwenye mstari usio na alama yoyote. Hemoglobini 11.6 haikupewa L kwa sababu safu ya ile mashine ilianzia 11.0. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke asiye na mimba akiwa chini ya 12 ana upungufu wa damu, na hiyo 12 ni ya wanaoishi usawa wa bahari. Sisi wa milimani, ambako hewa ni nyepesi, mpaka unapanda kidogo tena. Soma sasa MCV: 74 ni kusema chembe zake nyekundu ni ndogo. Mara nyingi hiyo ni njaa ya madini ya chuma, ingawa hata chembe za kurithi zinaweza kuwa hivyo. Kisha eozinofili 0.8, ambazo zinapanda kwa mzio ama kwa minyoo. Mtu anayekanyaga matope pekupeku kila siku, mwenye damu kidogo na eozinofili juu: hapo muganga angepaswa kufikiri safura, yule mnyoo anayepita kwenye ngozi ya mguu na kunyonya damu ndani ya utumbo.

Wako watakaotujibu: "Nyinyi mnataka safu za Kiafrika, basi katika utafiti ule ule hemoglobini ya wanawake ilishuka mpaka 9.5, huyu mama ni wa kawaida." Hapana. Hapo tunakataa kabisa. Neutrofili zetu ziko chini kwa urithi na hazituumizi. Hemoglobini ya dada zetu iko chini kwa kukosa chakula cha chuma, kwa minyoo, kwa malaria, kwa mimba zinazofuatana. Ukiwapima wenye njaa wengi, njaa itaandikwa kuwa kawaida. Mstari mmoja unahitaji safu yetu, mwingine unahitaji mpaka wa afya, na mwenye kazi ya kutofautisha ni muganga, siyo mashine.

Wanasemaga pia muda haupo, foleni ni ndefu, na lugha ni tatizo. Lugha kweli ni tatizo: karatasi Kiingereza, maelezo Kinyarwanda, mama Kiswahili. Lakini kumwambia "nyeupe zako pengine ndivyo ulivyo, tutazirudia, chembe nyekundu ni ndogo, lete choo tupime minyoo" inachukua dakika moja. Antibiotiki aliyoinunua bure ilimla siku mbili za kibarua.

Choo kilipimwa baadaye, mahali pengine. Mayai ya safura yalikuwemo. Alipewa albendazoli miligramu 400, na vidonge vya chuma vya miezi mitatu, akaambiwa asivimeze na chai. Kiisha mwezi mmoja HGB ilisoma 12.9. NEU# ilisoma 1.4, na L yake kando, kama kawaida.