Anayenyata Si Muoga: Pati Ambayo Masikio Yanashinda Upanga

Kuna jamaa mmoja hapa mjini, jina lake libaki kapuni, anayejulikana kwa kurusha gemu laivu mtandaoni. Juzi kati alimchana dada mmoja, naye mchezaji mzuri tu, kisa alitumia karibu saa mbili kwenye misheni ambayo jamaa anadai anaimaliza kwa dakika kumi. Eti kunyata ni kwa waoga. Mashabiki wakacheka weee, na dada wa watu akauchuna.

Ukweli ni kwamba hapo jamaa kachemka. Misheni yenyewe ni ya Lady Boyle, ndani ya Dishonored, gemu ya studio ya Kifaransa ya Arkane iliyotoka mwaka 2012. Anayeimaliza kwa dakika kumi akiwa na upanga mkononi hajaicheza. Kapita tu mlangoni.

Kwa wasioijua, stori iko hivi. Unacheza kama Corvo, mlinzi wa malkia aliyesingiziwa kwamba ndiye aliyemuua malkia wake. Usiku huo anatumwa kwenye jumba la kina Boyle, ambako matajiri wa mji wa Dunwall wanakula bata huku tauni ikiua watu mitaani. Kazi yake ni kumwondoa mwanamke anayempa fedha mtawala dhalimu. Tatizo ni kwamba kina Boyle wako watatu, Esma, Waverly na Lydia. Wote wamevaa barakoa na nguo za mshono mmoja. Mmoja kavaa nyeupe, mwingine nyeusi, mwingine nyekundu. Na kila ukianza upya, gemu yenyewe inachanganya nani ndiye mlengwa na nani kavaa rangi gani. Kwa hiyo kuangalia majibu Yutubu hakukusaidii kitu.

Hapo ndipo mtu mwenye subira anapoanza kufaidi. Ukiipata kadi ya mwaliko huko nje, unaingia mlango wa mbele kama mgeni. Barakoa ya Corvo, ambayo polisi wote wanaisaka, humo ndani inaonekana ni vazi la pati tu. Ukitaka kujitoa ufahamu kabisa, unasaini kitabu cha wageni kwa jina lako halisi. Ukumbini hakuna anayekugusa ilimradi hujachomoa silaha wala kuingia kusikoruhusiwa. Silaha yako pale ni umbea.

Dada yule alifanya nini kwa saa mbili? Kwanza alizima alama za kuonyesha lengo kwenye mipangilio. Zikiwa zimewashwa, macho yako yanafuata alama na masikio yanalala. Kisha akawa anasimama karibu na wageni wanaopiga soga na kuwaacha wamalize. Humo ndimo unapochota tabia za kina Boyle. Esma, kwa mfano, anapenda kinywaji, na Lydia ni mtu wa muziki. Tabia zinakusaidia kubahatisha nani yuko nyuma ya barakoa ipi, lakini bado hazikuambii nani ndiye anayetafutwa. Jina ni swali moja, rangi ni swali lingine. Ushahidi wa uhakika uko ghorofani, vyumbani mwao, na huko wageni hawaruhusiwi.

Kupanda huko ndiko kunyata kwenyewe. Unainama ili hatua zako zisisikike. Ukifika kwenye kona hujitokezi, unachungulia kwa kuegemea upande, maana katika gemu hii ukiwa umeegemea kichwa tu na mwili umebaki nyuma ya ukuta, mlinzi hakuoni. Kisha unahesabu zamu yake: anasimama wapi, anageuka lini, anachukua muda gani kurudi. Mwache azunguke mara mbili ndipo upite, kwa sababu mara ya kwanza unajifunza na mara ya pili unahakikisha. Ukiona alama zinaanza kujaa juu ya kichwa chake, ujue ameanza kukushtukia. Usikimbie. Rudi kwenye maficho yako taratibu, atachungulia kidogo kisha ataendelea na zamu.

Wengi wanaharibu hapa. Wanamkaba mlinzi hadi azimie, wanamwacha popote, wanaendelea wakijua mikono yao ni safi. Lakini Dunwall ni mji wa panya. Mtu aliyezimia akikutwa na kundi la panya analiwa, na ukimtupa majini anazama. Gemu inahesabu kwamba umeua, na mara nyingi unagundua mwishoni kabisa, kwenye ukurasa wa matokeo, ile Clean Hands uliyoisotea ikiwa imeota mbawa. Ukimzimisha mtu, mbebe umweke mahali pa juu, pakavu, pasipopitiwa na watu. Bora zaidi, usimguse kabisa. Mlinzi ambaye hajaguswa hana mwili wa kuficha.

Sasa tuje kwenye kitu kinachofanya misheni hii ibaki kichwani mwa watu miaka yote hii. Katikati ya pati kuna bwana mmoja mwenye barakoa, Lord Brisby, atakayekusogelea. Anajua umefuata nini. Anasema anampenda huyo mwanamke, na anakupa dili: mzimishe, mlete chini kwenye stoo ya mvinyo, yeye ana boti, ataondoka naye na hataonekana tena. Ukikubali, hakuna aliyekufa. Ukurasa wa matokeo unakuonyesha sifuri, na gemu inakupigia makofi.

Lakini mtu aliyekaa saa mbili anasikiliza kila mnong'ono hawezi kujifanya hakusikia hili. Mwanamke hajaulizwa. Anakabidhiwa akiwa hana fahamu kwa mwanaume ambaye hakumchagua, na hatarudi. Wachezaji wengi waliilalamikia njia hii, na wana haki. Humo ndani hakuna njia ya tatu: unamuua, au unamkabidhi.

Wapo wanaosema hilo ni doa la gemu. Ni doa kweli, hasa pale inapoita jambo kama lile mikono safi. Ila ndilo pia linaloonyesha tofauti ya wachezaji hawa wawili. Anayeingia na upanga hakutani kabisa na swali lile, maana Brisby hata hakupata nafasi ya kuongea. Dada alikutana nalo, akakaa nalo, na kwa mujibu wa watu wake wa karibu aliamua kuiacha Clean Hands ipotee kuliko kumpakia mwanamke wa watu kwenye ile boti. Alipoteza taji alilolifanyia kazi tangu misheni ya kwanza. Muoga gani huyo?

Kwa hiyo anayetafuta gemu ya kunyata asiulize kwanza ina silaha ngapi au vivuli vingapi vya kujificha. Aulize kama kuna kitu cha kusikia ukiwa umejificha, na kama ulichokisikia kinabadilisha unachofanya. Gemu nyingi zina vichaka tu. Unakaa humo, unasubiri mlinzi apite, basi. Hii ya kina Boyle inakupa siri, halafu inakuachia mzigo wake.

Haya wadau, nyie mngemkabidhi kwa Brisby au mngepoteza Clean Hands? Mwageni maoni hapo chini, bila matusi.