Kidogo na chache: tusikilize soko la Misuna

Mwandishi, umesema "chache" ni ya vinavyohesabika na "kidogo" ni ya visivyohesabika, basi. Hapa Singida kanuni hiyo haitoshi. Katika soko la vitunguu la Misuna, mkulima aliyevuna pungufu husema, "Mwaka huu nina vitunguu kidogo." Vitunguu vinahesabika, lakini yeye anawaza magunia. Mnunuzi akifungua gunia husema, "Vitunguu vichache vimeoza," kwa sababu sasa anaangalia kimoja kimoja. Kitu ni kilekile. Kilichobadilika ni namna ya kukipima. Na akisema "vimeoza kidogo", bei inazungumzwa upya, maana hapo kila kitunguu kimeanza kuharibika.

Kwa watu kanuni yako inashika vizuri zaidi: "watu wachache walikuja", kwani mtu hapimwi kwa debe. Ila kwa maji inalegea tena. Masheikh wanaofundisha udhu husema "maji machache" bila kusita.

Kiingereza nacho kina ugomvi wa namna hii. Mwaka 1770 Robert Baker aliandika kwamba yeye angependelea "fewer" badala ya "less" kwa vinavyohesabika. Yalikuwa maoni yake tu, na walimu wakayageuza amri. Mfalme Alfred, katika karne ya 9, alikuwa ameshalitumia "less" kwa vitu vya kuhesabu.

Angalia pia kinyume chake: tunasema "watu wengi" na "maji mengi", na hakuna anayedai neno la pili.