Friza hailipwi kwa mauzo

Mama mmoja, jirani yangu hapa Liwatoni, aliazimia kununua friza ili awe akiuza barafu za ukwaju na za mabuyu mlangoni pake, kwenye njia wanayopita wanafunzi na watu wateremkao kwenda jeti ya wavuvi. Kijana wake, aliye kidato cha tatu, alimfanyia hesabu katika daftari la Masomo ya Biashara. Friza ni Sh36,000. Barafu moja ni Sh10, na kwa siku zitauzwa 60. Hiyo ni Sh600 kwa siku, Sh18,000 kwa mwezi. Basi friza itakuwa imejilipa kwa miezi miwili.

"Mwalimu, hebu itazame hii," aliniambia mama huyo, "maana naiona tamu mno."

Ilikuwa tamu kwa sababu mtoto aligawanya bei ya friza kwa mauzo. Nami simlaumu, kwa kuwa sisi walimu ndio tunaowapa wanafunzi mifano ambayo ndani yake kila mwezi ni sawa na mwenzake, na fedha zote ziingiazo huonekana kana kwamba ni za kulipia chombo. Chombo hulipwa na kile kisaliacho baada ya kila kitu kingine kulipwa. Ikiwa hilo halikufundishwa, kanuni ya kugawanya haina faida yoyote.

Tuliketi tukaanza upya. Barafu 60 ni za siku ya jua kali. Wastani ambao mama mwenyewe aliukubali, baada ya kuulizana na mwenzake auzaye mtaa wa pili, ulikuwa 45, kwa siku 26 za mwezi. Hizo ni barafu 1,170, yaani Sh11,700. Sukari, ukwaju, maji na kikombe cha kugandishia vilichukua Sh5 kwa kila barafu. (Vile vifuko vya plastiki vya zamani tusivihesabu, kwani vilipigwa marufuku nchini mnamo Agosti 2017.) Ikabaki Sh5,850.

Kisha ukaja umeme, na hapa ndipo wengi hupotea. Kibao cha nyuma ya friza hiyo kilisema wati 150. Anayezidisha kwa saa 24 atapata yuniti 3.6 kwa siku, na atakuwa amezidisha mno, kwa sababu mashine ya friza huzunguka na kupumzika. Katika joto letu la Mombasa, na mlango ukifunguliwa kila mara kwa ajili ya wateja, tulikisia kwamba itazunguka kama asilimia 60 ya siku. Hizo ni yuniti 65 hivi kwa mwezi, na kwa Sh30 kila yuniti pamoja na kodi zake, ni Sh1,950. Makisio haya yanaweza kupimwa: asome mita ya tokeni saa moja asubuhi, aisome tena kesho yake saa ile ile, kwanza kabla ya kuleta friza, kisha baada ya kuileta.

Ipo gharama nyingine iliyojificha. Mpango wa bei za umeme ulioanza Aprili 2023 uliwagawa wateja wa nyumbani kwa matumizi yao. Wale wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi walipewa bei nafuu. Nyumba ya mama huyu ilikuwa ikitumia yuniti 28. Friza ikiingia, hata zile 28 za taa na redio hupanda bei. Tuliongeza Sh150, na Sh250 nyingine kwa barafu ziyeyukazo umeme unapokatika. Kilichosalia kwa mwezi ni Sh3,500. Gawanya Sh36,000 kwa hizo, upate miezi kumi na zaidi kidogo, na hapo mama hajajilipa hata senti moja kwa kusimama kwake mlangoni.

Lakini Sh36,000 hakuwa nazo. Mwenye duka alimwambia atoe Sh6,000, kisha Sh3,500 kila mwezi kwa miezi 12. Jumla ni Sh48,000. Kwa deni la Sh30,000 anaongeza Sh12,000, na kwa vile deni lenyewe linapungua kila mwezi, nyongeza hiyo ni sawa na riba ya kama asilimia 67 kwa mwaka. Sasa friza itajilipa kwa karibu miezi 14, na katika mwaka wa kwanza awamu itameza salio lote.

Hata hiyo miezi 14 si kweli, kwa maana mwaka wa pwani haukunyooka. Mei ni mwezi wa mvua nyingi, na Juni na Julai upepo wa kusi huleta baridi. Tuseme katika miezi hiyo mitatu barafu zinashuka kutoka 45 hadi 25 kwa siku. Mauzo yamepungua kwa chini ya nusu, lakini tazama salio: barafu 650 huacha Sh3,250; toa umeme na hasara, Sh2,350, zinabaki Sh900. Salio limeshuka kwa karibu robo tatu, kwa sababu friza hula umeme ule ule iwe ina wateja au haina. Cherehani ya miguu haina tabia hiyo. Kazi ikikosekana, nayo hukaa kimya bila kudai chochote, ila inadai saa za mshonaji, na saa hizo lazima zitiwe bei kabla ya kusema kwamba mashine imejilipa.

Basi hesabu ya miezi tisa mizuri na mitatu mibaya ni Sh34,200 kwa mwaka. Akianza Agosti, Sh48,000 zitatimia mwishoni mwa Novemba ya mwaka wa pili, miezi 16. Akianza Mei, atakutana na miezi mibaya mara mbili, na itamchukua miezi 19. Friza ni ile ile na bei ni ile ile.

Na tofauti si ya miezi mitatu pekee. Katika kila mwezi mbaya awamu inazidi salio kwa Sh2,600, na fedha hizo lazima zitoke kwingine. Sheria ya Kenya ya ununuzi wa kukodi, Sura ya 507, husema kwamba mnunuzi akishalipa thuluthi mbili ya bei yote ya mkataba, mwenye mali hawezi kuichukua ila kwa kwenda mahakamani. Thuluthi mbili ya Sh48,000 ni Sh32,000. Aliyeanza Agosti huvuka hapo kwa awamu ya nane, mwezi wa Machi, kabla ya mvua. Aliyeanza Mei anaingia katika miezi yake mibaya akiwa amelipa Sh6,000 tu, na gari la duka laweza kuja mlangoni. Lakini ulinzi huo ni wa mkataba wa kukodi. Mkopo wa fedha una masharti yake mengine, kwa hiyo karatasi isomwe kabla ya kutiwa sahihi.

Mama alitujia mwezi wa Aprili. Alimwambia mwenye duka kwamba atarejea mwishoni mwa Julai, na katika miezi hiyo akawa anaweka kando kidogo kidogo hadi zifike zile Sh7,800 ambazo Mei, Juni na Julai za mwaka ujao zitamdai. Kijana amefuta ukurasa wake wa zamani na kuchora jedwali lenye safu 19, moja kwa kila mwezi.